Maswali na majibu: Barua ya mweka hazina baada ya harambee

Ndugu mwandishi, kamati ya maji ya mtaa wetu imemaliza harambee ya kununulia tanki, nami ni mweka hazina kwa mara ya kwanza. Barua ya taarifa niipange vipi, na jedwali likae wapi?

Baada ya anwani na tarehe, mwandikie mwenyekiti wa kamati, kisha kichwa cha habari kitaje tukio na kipindi, kwa mfano: "YAH: TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA HARAMBEE YA TANKI LA MAJI, TAREHE 1 HADI 31 MACHI", pamoja na mwaka. Kipindi kisikosekane, kwa sababu mchango ulioingia tarehe 2 Aprili ni wa taarifa inayofuata, na bila mpaka huo kila mjumbe atakuwa na jumla yake.

Aya ya kwanza iseme moja kwa moja kile ambacho wajumbe wanasubiri kukisikia: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Harambee iliingiza shilingi 3,790,000 na kugharimu shilingi 748,500, hivyo ziada ni shilingi 3,041,500. Ukijumlisha na salio la awali la shilingi 415,000, kamati ina shilingi 3,456,500." Jedwali lifuate papo hapo ndani ya barua yenyewe. Ukiliweka kama kiambatisho, barua itasomwa mkutanoni na karatasi ya pili itabaki kwenye faili la katibu.

| Maelezo | Shilingi |
|---|---:|
| Salio la awali | 415,000 |
| Michango taslimu siku ya harambee | 1,860,000 |
| Michango kwa simu | 1,240,000 |
| Mauzo ya chakula na vinywaji | 690,000 |
| Jumla ya mapato | 3,790,000 |
| Ununuzi wa chakula na vinywaji | 385,000 |
| Kukodi turubai, viti na vipaza sauti | 260,000 |
| Kuchapa kadi za mchango | 75,000 |
| Makato ya simu na benki | 28,500 |
| Jumla ya matumizi | 748,500 |
| Salio la mwisho | 3,456,500 |
| *Salio hilo lipo:* benki | 3,401,500 |
| mkononi kwa mweka hazina | 15,000 |
| masurufu yasiyorejeshwa | 40,000 |

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo ninayoitazama kwanza ninapoletewa taarifa ya mtu mwingine. Salio linalopatikana kwa kutoa na kujumlisha ni hesabu ya karatasi tu, na halithibitiki mpaka lionekane mahali fulani: katika akaunti, katika sanduku, au kwa mtu anayejulikana.

Siku ya harambee watu waliahidi shilingi 920,000 zaidi. Je, naziandika kwenye mapato?

Hapana. Ahadi haiingii kwenye jedwali hata kama aliyeahidi ni mtu wa kuaminika kuliko wote, kwa kuwa jedwali hili linaonyesha fedha zilizopokelewa. Katika kamati moja niliyoitumikia, mtangulizi wangu alijumlisha ahadi na fedha taslimu katika mstari mmoja, kamati ikaagiza mabomba kwa kutegemea jumla hiyo, na wakati wa kulipa nusu ya fedha haikuwepo. Hakuna aliyeiba shilingi, lakini miezi mingi ilipita tukiwaeleza watu hivyo bila kuaminiwa.

Andika ahadi katika aya yake chini ya jedwali: waahidi ni wangapi, jumla ni kiasi gani, na zinatarajiwa kufikia tarehe ipi. Ahadi ikilipwa, itaingia kwenye mapato ya mwezi ilipolipwa.

Chakula tuliuza tukapata faida ya 305,000. Kwa nini nisiandike faida peke yake, jedwali likawa fupi?

Kwa sababu faida peke yake haikaguliki. Mjumbe anayeona mauzo ya 690,000 na manunuzi ya 385,000 anaweza kuuliza sahani ngapi ziliuzwa kwa bei gani, na kilo ngapi za mchele zilinunuliwa. Anayeona 305,000 tu hana pa kuanzia, na hata kama kila shilingi ilitumika vizuri, wewe mweka hazina huna cha kumwonyesha.

Kanuni hiyo inahusu pia michango ya simu, na hapa wengi hukosea. Waliotuma walituma jumla ya 1,240,000, lakini baada ya makato ya kutoa fedha na kuzipeleka benki zimebaki 1,211,500. Ukiandika kiasi kilichobaki, orodha ya wachangiaji haitalingana na jedwali: kila mmoja ana ujumbe katika simu yake unaoonyesha alichotuma, na jumla ya jumbe hizo ni 1,240,000. Basi andika kiasi kamili upande wa mapato, na makato yakae upande wa matumizi, mahali ambapo kamati itaona gharama halisi ya kukusanya fedha kwa njia hiyo.

Mfanyabiashara mmoja alitoa mifuko 20 ya saruji badala ya fedha. Inaingia wapi?

Inaingia katika aya ya michango ya vitu, ikitajwa idadi, tarehe ya kupokelewa, mahali ilipohifadhiwa na aliyetia saini ya kupokea. Ukiigeuza kuwa shilingi na kuiweka kwenye mapato, salio lako litazidi fedha zilizopo kwa thamani ya saruji yote.

Jedwali langu linaonyesha salio kubwa kuliko fedha zilizopo kwa shilingi 180,000, na sikumbuki kulipa kitu cha kiasi hicho. Nimejumlisha mara tatu.

Acha kujumlisha, gawa tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kama hii inavyogawanyika, huenda umebadilishana tarakimu mbili zilizo jirani: katika jedwali la hapo juu, 1,240,000 ikiandikwa 1,420,000 huzalisha kosa la 180,000 kamili. Hiyo ni dalili tu, si uthibitisho, hivyo rudi kwenye stakabadhi na ulinganishe mstari kwa mstari. Usipopata kitu, gawa tofauti kwa 2, kisha tafuta malipo ya 90,000 yaliyoandikwa kimakosa upande wa mapato, kwa kuwa kosa la namna hiyo hujirudia mara mbili katika salio.

Ikiwa hali ni kinyume, yaani taarifa ya benki ina fedha nyingi kuliko kitabu chako, angalia hundi ulizotoa ambazo waliolipwa hawajazipeleka benki. Katika mfano wetu, benki yenyewe ingeonyesha 3,476,500 kwa sababu mchapaji hajawasilisha hundi yake ya 75,000. Ukiitoa, unabaki na 3,401,500. Eleza usuluhisho huo kwa sentensi moja katika barua, kabla mjumbe mwenye taarifa ya benki mkononi hajauliza.

Mjumbe mmoja alichukua 40,000 za dharura, hajaleta risiti, na ni mtu mzima ninayemheshimu. Niziandike kama matumizi ili yaishe?

Usiziandike kama matumizi, kwa sababu matumizi ni yale yenye hati ya malipo na risiti. Hizo ni masurufu, na zinabaki sehemu ya salio la kamati mpaka zirejeshwe kwa risiti au kwa fedha. Kabla ya kuandika barua, mwendee nyumbani ukiwa na daftari, umwombe risiti au maelezo yaliyotiwa saini, na umjulishe kwamba mstari huo utasomwa mkutanoni. Katika jedwali andika "masurufu yasiyorejeshwa" bila jina. Jina lake na tarehe aliyochukua viko katika daftari la masurufu, ambalo mwenyekiti na wakaguzi wa kamati wana haki ya kulifungua.