Mkaguzi anapokuta mwandiko wake mwenyewe vitabuni

Kampuni yetu ni ndogo, haina mhasibu. Wakaguzi wetu wanaweza kututunzia vitabu pia?

Wanaweza, kwa masharti, ikiwa kampuni yenu si ya maslahi ya umma, yaani hisa zake haziuzwi sokoni na si benki wala kampuni ya bima. Kanuni za maadili za IESBA, bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, zinazofuatwa na vyama vya wahasibu katika nchi nyingi, zinaruhusu kazi hiyo pale tu inapokuwa ya kawaida, isiyomtaka mtunzaji aamue jambo lolote la maana. Kwa kampuni ya maslahi ya umma, utunzaji wa vitabu umekatazwa. Tazameni pia sheria ya nchi yenu, kwa sababu ikiwa kali zaidi ndiyo mtakayoifuata.

Huo mpaka kati ya kazi ya kawaida na kazi ya uamuzi uko wapi hasa? Kwangu mimi mkaguzi kila ingizo linaonekana sawa.

Swali hili ndilo linaloangusha wengi. Usitazame ingizo, tazama nani ameamua kilichomo. Mteja akikuletea bili ya umeme akiwa ameshaandika iingie akaunti gani, ukaiingiza kwenye daftari kuu, hujaamua kitu. Kukokotoa mishahara kwa viwango na siku alizoleta mteja ni vivyo hivyo. Hata uchakavu unaweza kuukokotoa, ikiwa mteja ndiye aliyesema mali itatumika miaka mingapi na itabaki na thamani gani mwishoni.

Faili moja nililowahi kupewa nilipitie lilikuwa la msafirishaji mwenye malori ya milioni 600. Miaka yote uchakavu ulikokotolewa kwa miaka 5 bila thamani ya kubaki, yaani milioni 120 kwa mwaka. Mwaka ule rejista ya mali ilionyesha miaka 8, na uchakavu ukashuka hadi milioni 75. Tofauti ni milioni 45, na faida ya mwaka mzima ilikuwa milioni 30. Kwa hesabu ya zamani, kampuni ile ingeonyesha hasara ya milioni 15.

Mkaguzi aliuliza vizuri: kwa nini 8? Akapewa karatasi ya maelezo ya nusu ukurasa, akaridhika, akafunga hoja. Nilipofungua mfumo wa hesabu kutazama nani aliyebadilisha umri wa malori, nikakuta jina la mtumiaji ni la kijana wa kampuni ileile ya ukaguzi, upande wa utunzaji vitabu. Karatasi ya maelezo aliiandika yeye. Hapakuwa na barua wala muhtasari wa kikao ambamo mteja anasema malori yake yatatembea miaka 8. Huenda hata ingekuwa kweli, malori yaliyotunzwa hudumu. Lakini aliyekadiria na aliyekagua kadirio walikuwa wanalipwa na ofisi moja, na swali la mkaguzi lilijibiwa na mwenzake wa meza ya pili. Hii ndiyo hatari ya kujikagua mwenyewe: hakuna aliyedanganya, ila mtu huamini kazi ya nyumbani kwake upesi kuliko ya jirani.

Kwa hiyo ukitaka kuujua mpaka, toa orodha ya maingizo ya mwisho wa mwaka, na kwa kila kubwa tafuta ushahidi kwamba mteja aliamua kabla halijaingizwa. Madeni yasiyolipika, thamani ya bidhaa zilizolala ghalani, umri wa mali, na mapato yaliyosogezwa kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine: humo ndimo uamuzi hujificha. Saini iliyopigwa wiki tatu baada ya ingizo haithibitishi uamuzi.

Ofisi yetu ya ukaguzi imetenganisha timu. Anayetunza vitabu hagusi ukaguzi. Hiyo si kinga tosha?

Ni kinga ya kweli, na kanuni zinaitambua. Nyingine ni kumpa mtu mwenye uwezo, ambaye hakushiriki katika utunzaji wa vitabu, apitie kazi ya ukaguzi au kazi ile ya vitabu yenyewe. Kwa kazi ya kawaida iliyofanywa kwa mteja mdogo, mara nyingi hizo zinatosha.

Kuna kisichoponywa na timu mbili, nacho ni kushika nafasi ya menejimenti. Mtu wenu akiidhinisha malipo, akishika akaunti ya benki ya mteja, akichagua sera ya hesabu au akiamua nani aajiriwe, uhuru wa mkaguzi umekwisha hata akikaa jengo jingine. Na ofisi yenye mbia mmoja na wasaidizi wawili isijidanganye kwamba imetenganisha timu wakati kila faili linaishia mezani pa mtu mmoja. Hapo mkabidhini mpitiaji wa nje, na akikosekana, acheni kazi mojawapo. Najua inauma kuachia ada, lakini sioni njia ya tatu.

Mkurugenzi wa mteja wetu husaini chochote tunachompelekea, bila kusoma. Tumeshajikinga?

Bado. Mteja anatakiwa amteue mtu mwenye ujuzi na uzoefu wa kutosha kusimamia kazi mnayomfanyia, aielewe na aikubali kuwa yake. Halazimiki kuwa na uwezo wa kuifanya mwenyewe. Mimi humkalisha mtu huyo na kumwonyesha maingizo matatu makubwa ya mwaka. Namwuliza: hili ni la nini, kwa nini kiasi hiki, na ungeweza kuchagua kiasi gani kingine? Akijibu kwa maneno yake, naandika kwenye faili alichosema na tarehe. Akinitazama na kusema "ninyi ndio mnaojua", basi wameamua watu wenu, na saini yake haibadilishi hilo.

Kwa mteja mmoja tunalipwa zaidi kwa ushauri kuliko kwa ukaguzi. Kuna ubaya?

Kuna hatari, na hii ni ya maslahi binafsi: mbia anayejua kwamba hati ya ukaguzi yenye mashaka itamfukuzisha kwenye kazi ya ushauri ana sababu ya kulegeza kalamu. Mwaka 2000 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliwalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, takriban dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine. Baada ya Enron kuanguka, sheria ya Marekani ya 2002 ilikataza wakaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa sokoni kuwatunzia wateja hao vitabu, pamoja na huduma nyingine kadhaa.

Pimeni pia ada zote za mteja huyo dhidi ya mapato yote ya ofisi yenu. Kwa mteja asiye wa maslahi ya umma, ada zake zikizidi asilimia 30 kwa miaka 5 mfululizo, kanuni zinawataka mwangalie kama mhasibu wa nje ya ofisi akiipitia kazi ya mwaka wa tano hatari itapungua vya kutosha. Ikiwa ndivyo, apitie. Kwa kampuni ya maslahi ya umma kipimo ni asilimia 15 kwa miaka 2, na hatua zake ni kali zaidi. Ila msisubiri mwaka wa tano. Siku mkijikuta mnajadili maneno ya hati ya ukaguzi huku mtu mezani akitaja mkataba wa ushauri unaokaribia kuhuishwa, mwondoeni mtu huyo kwenye mjadala, na hati ipitiwe na mbia asiyepata chochote kutokana na mkataba huo.