Usikubali fundi aunge waya moja kwa moja kwenye blenda

"Wakuu, blenda yangu inatoa harufu ya kuungua nikisaga korosho, halafu inajizima. Fundi hapa Masasi anasema aitoe ile swichi ya chini aunge moja kwa moja, elfu tano tu. Nikubali?"

Mwambie hapana, kabla hajashika bisibisi. Mimi niliambiwa hivyohivyo, "hiyo swichi inasumbua tu mama," nikakubali, na mota ikaungua. Bado inaniuma, maana fundi anayeunga hivyo anajua anachokiondoa.

Kitufe cha chini ya kitako ndiyo kinga ya mota. Ndani yake mna kibati kinachojipinda kikipata joto na kukata umeme. Korosho ikishakuwa rojo zito, visu vinazidiwa. Mota ya blenda ikilemewa na kupungua kasi huvuta umeme mwingi zaidi, na feni ya kuipoza imefungwa kwenye shafti yake yenyewe, kwa hiyo joto linapopanda ndipo upepo unapopungua. Vanishi ya waya za koili inaungua, waya zinagusana, na hapo ni kusuka koili upya au kununua blenda nyingine. Ikijizima, chomoa plagi, iache nusu saa, ndipo ubonyeze kitufe. Usibonyeze tena na tena ikiwa bado ya moto.

Sasa tafuta kinachoilemea. Toa jagi, ligeuze, zungusha kwa mkono kile kigia cha chini yake. Kikiwa kigumu, bushi ya visu imekwama. Badilisha kitako cha visu chote. Kisha angalia gia ya mpira juu ya mota. Ukikuta unga mweusi umeizunguka na meno yamekuwa mviringo, harufu ni ya mpira: mota inalia kwa kasi lakini visu vinasuasua. Hiyo ni bei ndogo. Chomoa plagi, zuia shafti isizunguke, fungua gia. Nyingi zinafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume cha nati za kawaida, kwa hiyo usilazimishe. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi uhesabu meno. Lakini harufu kali inayowasha pua, ikitokea kwenye matundu ya chini pamoja na moshi, hiyo ni koili. Usiiwashe tena.

Korosho loweka saa nne. Robo kilo weka na nusu lita ya maji, jagi lisizidi nusu. Saga sekunde 30, zima dakika moja, ukoroge kwa mwiko plagi ikiwa imechomolewa. Ukifika mizunguko mitatu, ipumzishe dakika 20. Sauti ikianza kuwa nzito, ongeza maji hapohapo, usingoje harufu.