Matumbwitumbwi yameisha, mbona simu anaihamisha sikio?

"Mwanangu wa miaka 6 aliugua matumbwitumbwi. Uvimbe umeisha, lakini nikimwekea simu sikio la kushoto anaihamishia kulia. Itapita yenyewe?"

Pole, mzazi mwenzangu. Usisubiri, mpeleke leo akapimwe masikio yote mawili, kila moja peke yake. Virusi vya matumbwitumbwi vinaweza kuingia sikio la ndani na kuua chembe zinazopokea sauti, nazo hazioti tena. Mara nyingi huharibika sikio moja tu, ndiyo maana nyumbani mtoto anaitika kama kawaida na hakuna anayeshtuka. Kama ni nta au maji nyuma ya ngoma ya sikio, hayo yanatibika, na kipimo kitaonyesha.

Surua nayo hudhuru masikio, ila kwa njia nyingine: mara nyingi sikio la kati huoza, usaha ukatoboa ngoma. Ukiona sikio linatoa maji baada ya surua, usitie mafuta, nenda hospitali.

Kagua pia kadi za chanjo za wadogo zake. Chanjo ya surua inahitaji dozi 2. Uliza pia kama ina kinga ya matumbwitumbwi, kwani chanjo ya surua na rubela pekee haiyazuii.