Treyi yenye bare moja ya ziada: nodi kufunga haitoshi

Wadogo wanaosoma politekniki hapa Lubumbashi wananiletea hesabu ya treyi hiperistatiki, wananiambia, "kaka angalia, nodi zote zimefunga, njo kusema iko sawa." Apana! Mu treyi yenye bare moja ya ziada, nodi zinafunga hata kama jibu ni la uongo.

Chukua karee ABCD ya metre 3, diagonali zote mbili ziko ndani. A chini kushoto imefungwa, B chini kulia iko ku rulo, C iko juu ya B, D juu ya A, na ku D kuna 20 kN inasukuma kuelekea C. Bare ni 6, reaksio 3, jumla 9, lakini nodi 4 zinakupa ekwasio 8 tu, basi moja imezidi. Bare zote ni chuma kimoja na seksio moja, kwa hiyo EA inajikata yenyewe (zikitofautiana, weka L/(EA) pahali pa L).

Mie nakata AC. Inayobaki unaifanya kawaida, nodi kwa nodi: AB na DA zinavutwa 20, BD inabanwa 28.28, BC na CD sifuri. Hizo njo N. Kisha toa ile 20 kN, vuta ncha mbili za mkato kwa nguvu ya 1, unapata n: pande nne -0.707 kila moja, BD +1, na AC yenyewe +1. Sasa ile nafasi pa mkato lazima irudi sifuri, juu bare ya kweli haijakatika (X ni nguvu ya AC tunayotafuta, L ni urefu wa bare):

```
Σ N n L + X Σ n² L = 0
```

Jumla ya kwanza: AB na DA zinatoa -42.43 kila moja, BD -120, yote -204.85. Ya pili: pande nne 6, diagonali mbili 8.49, yote 14.49. X = 14.14 kN, AC inavutwa. BD inabaki -28.28 + 14.14 = -14.14, AB na DA +10, BC na CD -10.

Pahali bengi banaanguka ni ku ile jumla ya pili, banasahau AC juu "tumeikata", wakati nayo inarefuka. Hapo unagawa kwa 10.24, X inakuwa 20, na nodi D bado inafunga vizuri: 20 - 14.14 - 5.86 = 0! Ikwilibre inakubali X yoyote ile, haiwezi kukushtaki.

Njo maana mie na nguvu F za mwisho nafanya Σ F n L. Na 14.14 pande nne zinajifuta, diagonali zinatoa +60 na -60, sifuri. Na 20 inabaki +84.85, hapo unajua mkato haujafunga.

Ila hii yote inataka BD iweze kubanwa. Ukiweka fero nyembamba kama zile za kontravantema ya hangari, BD inapinda mapema, haibebi kitu, na AC inabeba peke yake 28.28 kN, mara mbili ya ile uliyopata, basi bulo za AC uzipime kwa hiyo.