Jopo la usaili linaandika nini unapojibu: mambo ya kujua kabla ya usaili wa utumishi wa umma

Wengi wanaoingia kwenye usaili wa utumishi wa umma kwa mara ya kwanza hudhani wajumbe wa jopo wamekaa pale kumchagua mtu waliyempenda. Kazi yao kwa kweli ni finyu kuliko hiyo. Wanasikiliza, wanaandika, kisha wanalinganisha walichoandika na mwongozo uliokubaliwa kabla msailiwa wa kwanza hajaitwa. Ulichokisema kikaandikwa kina alama. Ambacho hukukisema hakina alama, hata kama kila mjumbe anajua kwamba ulikifanya.

Swali moja kwa wasailiwa wote lina sababu yake. Nafasi za umma lazima ziweze kutetewa: aliyekosa akikata rufaa, jopo lionyeshe kwamba wote walipimwa kwa kipimo kilekile. Ndiyo maana maswali yanasomwa kutoka kwenye karatasi, wakati mwingine kwa sauti kavu mno, na ndiyo maana wajumbe hawatikisi kichwa wala kutabasamu ukijibu vizuri. Usisome chochote kwenye nyuso zao. Msailiwa akiona uso mkavu huanza kurefusha jibu lililokwisha kutosha, na hapo ndipo anapojiharibia.

Kila swali limetungwa kupima umahiri mmoja, kwa mfano kupanga kazi, kushirikiana na wenzako, kutoa maamuzi au kuhudumia wananchi. Nyuma ya swali, upande ambao wewe huoni, kuna viashiria. Kwa umahiri wa kupanga kazi vinaweza kuwa hivi: alitambua chanzo cha tatizo, aliweka vipaumbele na ana sababu, aliwashirikisha wahusika, alifuatilia utekelezaji, na matokeo yanapimika. Kila mjumbe hutoa alama peke yake kwanza, kisha wanalinganisha. Wakitofautiana sana hawapigi kura, bali wanarudi kwenye maandishi: wewe umempa 4 kati ya 5, nionyeshe alisema nini. Mjumbe aliyevutiwa nawe lakini hana sentensi ya kuonyesha hulazimika kushusha alama. Kwa hiyo ukijibu, unampa mjumbe anayekuunga mkono kitu cha kushika mkononi wakati wa mjadala ambao wewe hutakuwepo.

Mpangilio wa alama hutofautiana kati ya taasisi na taasisi, lakini kuna kanuni moja inayowaangusha watu wenye uwezo: kiwango cha chini kwa kila umahiri. Chukulia maeneo matano, kila moja alama 20, na huruhusiwi kupata chini ya 10 popote. Msailiwa wa kwanza anapata 18, 17, 18, 16 na 8, jumla 77. Wa pili anapata 13, 14, 12, 13 na 12, jumla 64. Panapokuwa na kanuni hiyo, wa pili anapita na wa kwanza anaanguka. Ukiwa na siku chache za kujiandaa, usizimalizie kwenye eneo unalolipenda. Tafuta lile ambalo huna mfano wake, kwa kuwa ndilo litakalokuzika.

Tuchukue sasa swali moja tulifuatilie mpaka alama. Nafasi ni ya ofisa wa masjala, na swali linasomwa hivi: "Tueleze wakati ambapo kazi zilirundikana na ikakulazimu kuziweka sawa."

Jibu la kwanza: "Katika ofisi yetu tulikuwa na mrundikano mkubwa wa barua. Tulikaa kama timu, tukajipanga, tukafanya kazi kwa bidii na kwa kushirikiana, na hatimaye tulifanikiwa kumaliza. Mimi ni mtu ninayeamini sana katika mpangilio, kwa sababu bila mpangilio kazi haiendi."

Halina uongo wala si jibu la mtu mvivu. Ila mwangalie mjumbe mwenye kalamu. Chanzo cha tatizo hakikutajwa. Kipaumbele hakipo. "Tulijipanga" haimwambii nani alifanya nini. "Tulifanikiwa" haipimiki. Sentensi ya mwisho ni imani, na imani haina mstari wake kwenye karatasi ya alama. Kwa kipimo cha 1 hadi 5, hii ni 2, na ubaya wake ni kwamba wasailiwa wengi watasema jambo hilohilo kwa maneno yanayofanana.

Jibu la pili: "Nilipopangiwa masjala nilikuta barua 420 hazijaingizwa kwenye mafaili. Nilichunguza nikaona chanzo: watu watatu walikuwa wanapokea barua, lakini hakuna aliyeandika kwenye rejista moja, kila mmoja akidhani mwenzake ameandika. Kwanza nilizipitia zote nikatenga barua 60 zilizokuwa na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, kwa sababu kuchelewa kwa hizo kungemgusa mwananchi moja kwa moja. Hizo nilizimaliza wiki ya kwanza. Nikamwomba msimamizi aidhinishe rejista moja na saa moja kila asubuhi ya kuingiza barua. Mwenzangu mmoja alipinga, aliona kama anachunguzwa. Nilikaa naye, nikamwonyesha barua mbili ambazo yeye mwenyewe alilaumiwa kuzipoteza kumbe hazikupitia kwake, akakubali kuijaribu rejista kwa wiki moja, na baadaye akaendelea nayo. Baada ya wiki 6 zilibaki barua 30 zisizo na namba ya faili. Hizo sikuzilazimisha, nilimkabidhi msimamizi pamoja na orodha. Tangu hapo nilikuwa nahesabu kila Ijumaa, na ambazo hazijaingizwa hazikuzidi 15."

Mjumbe ana la kuandika mbele ya kila kiashiria: chanzo, kipaumbele na sababu yake, mtu aliyepinga na alivyoshughulikiwa, ufuatiliaji wa Ijumaa, matokeo yenye namba. Zile barua 30 zilizobaki hazimpunguzii kitu. Kinyume chake, zinaonyesha anajua mipaka ya mamlaka yake, na zinafanya namba nyingine ziaminike. Hii ni 4. Haifiki 5 kwa sababu athari yake imeishia kwenye ofisi moja. Kama nafasi ingekuwa ya msimamizi, jibu hilihili lingeweza kushuka hadi 3, maana hapo viashiria vingeuliza ulibadilishaje utaratibu wa wengine. Soma tangazo la kazi kwa jicho hilo: ngazi ya nafasi ndiyo inayoamua mfano upi uuchukue.

Linganisha pia urefu. Jibu la pili linasemeka kwa takriban dakika moja na nusu. Usaili wa dakika 40 wenye maeneo matano, ukitoa dakika 5 za kukaribishana na kufunga, unaacha dakika 7 kwa kila eneo, yakiwemo maswali ya nyongeza. Ukizungumza dakika 6 mfululizo umeyaua maswali ya nyongeza, na hayo mara nyingi ndiyo yanayomvusha mtu kutoka 3 hadi 4. Lenga dakika 2 hivi, hali yenyewe uieleze kwa sentensi mbili au tatu, muda mwingi uende kwenye ulichofanya. Kosa la kawaida ni kutumia dakika nzima kueleza muundo wa ofisi.

Maswali ya nyongeza ndiyo mahali pekee ambapo jopo lina uhuru kidogo. Haliruhusiwi kukupa jibu, lakini linaweza kukuuliza ufafanue. Ukisikia "Wewe mwenyewe ulifanya nini?", jua umesema "tuli-" mara nyingi mno na mjumbe hana cha kuandika chini ya jina lako. Jibu kwa "nili-" bila kuona haya. Adabu ya kutojisifu ni nzuri, lakini hapa inasomeka kama kutokufanya. Ukisikia "Ulijuaje kama imefanikiwa?", kuna kiashiria cha matokeo ambacho bado kiko wazi. Usikasirike wala kurudia ulichokwisha kusema, ongeza kile kinachokosekana. Na mwenyekiti akisema "naomba turudi kwenye swali", acha hata sentensi uliyokuwa katikati yake.

Sikiliza wakati wa kitenzi katika swali. "Ulifanya nini" inataka tukio lililotokea. Anayejibu "mimi ningeanza kwa…" anatoa nadharia, na mwongozo mwingi hauipi nadharia zaidi ya alama za chini. Huna ajira ya awali? Tukio la chuoni, la kujitolea au la kikundi linapokelewa, mradi lilitokea na wewe ulikuwa ndani yake. Swali likiwa "ungefanya nini", hapo ndipo uanze na hatua, ueleze kwa nini hii kabla ya ile, na utaje ni wakati gani ungepeleka suala kwa mkubwa wako.

Kuna makundi mawili yanayoanguka bila kuelewa kwa nini. La kwanza ni waliomo ndani ya taasisi tayari. Wanajibu kwa mkato, "kama mnavyojua, ule mradi niliusimamia," wakitegemea kwamba mjumbe fulani alikuwepo. Mjumbe huyo hapaswi kuandika asichosikia siku hiyo. Ukiwa wa ndani, eleza kama unazungumza na wageni kabisa.

La pili ni waliopata fununu ya maswali. Usaili ukichukua siku kadhaa, maswali huvuja, na majibu ya kukariri huanza kuja yakifanana hadi mpangilio wa maneno. Jopo hulitambua hilo haraka. Halihitaji kumtuhumu mtu, linauliza tu swali la nyongeza: huyo aliyepinga, alisema nini hasa? Aliyeishi tukio ana jibu. Aliyelikariri anarudia sentensi zake za mwanzo. Zaidi ya hayo majopo mengi huwa na maswali ya akiba, kwa hiyo uliyoyasikia jana huenda yasiulizwe leo.

Maandalizi yanayofaa ni kuandaa matukio, si majibu. Matukio sita au saba yanatosha kwa maeneo matano. Kwa kila moja andika chanzo cha tatizo, uamuzi wako na sababu yake, nani alikwama au kupinga, namba mbili unazoweza kuzitetea, na kilichobaki bila kutatuliwa. Kisha yajaribu kwa maswali tofauti, kwa sababu mrundikano wa barua unaweza pia kujibu swali la ushirikiano, ila hapo utaanza na mwenzako aliyepinga na namba utazigusia tu. Usitumie tukio moja kwa maswali mawili katika usaili mmoja. Haikatazwi, lakini mara ya pili mjumbe anaandika "amerudia", na ushahidi mpya unakuwa haba.

Mwisho mwenyekiti atauliza kama una la kuongeza. Wengi hushukuru na kuinuka. Kama kuna swali ulilolijibu vibaya, huu ndio wakati: "Kwenye swali la maamuzi sikueleza matokeo. Malalamiko yalishuka kutoka 12 kwa mwezi hadi 3." Kalamu bado ziko mkononi, na mara nyingi karatasi za alama huwa hazijajazwa mpaka mlango ufungwe nyuma yako.