Fainali ya Kombe la Dunia 2026: 3 pm ET ni saa ngapi kwetu?

Swali: Nina kibanda umiza huku Ngara, karibu na mpaka. Fainali ya tarehe 19 Julai imeandikwa 3 pm ET. Mmoja ananiambia ni saa nne usiku, mwingine saa tano, kijana wangu anasema saa kumi, na wateja wanaovuka kutoka Burundi wanasema saa tatu. Niandike ipi kwenye tangazo?

Jibu: Andika saa nne usiku, Jumapili. Kazi yangu ni kupanga ratiba ya matangazo ya michezo redioni, na majibu yote manne uliyopewa nayafahamu. Kila moja lina mahali lilipotokea.

Mechi inachezwa East Rutherford, New Jersey, jirani na jiji la New York, na saa zao ni zilezile za New York, ndizo zinazoandikwa ET. Tatu mchana ya kule ndiyo saa tisa alasiri kwa hesabu yetu. Mwezi Julai sisi tuko mbele yao kwa saa saba. Tisa ukijumlisha saba unapata kumi na sita. Toa kumi na mbili, inabaki nne. Kwa kuwa umevuka saa kumi na mbili ya jioni, hiyo ni saa nne ya usiku, na tarehe bado ni ileile.

Aliyekwambia saa tano ametumia tofauti ya saa nane. Hiyo ni sahihi, ila si kwa Julai. Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja mwezi Machi na kuzirudisha mwezi Novemba, wakati sisi hatugusi zetu mwaka mzima. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saba wakati wa joto. Mtego uko kwenye herufi: ET haisemi ni msimu gani, EDT ni ya joto, EST ni ya baridi. Watu wengi huandika EST hata Julai, basi anayeifuata neno kwa neno anachelewa saa nzima na kukuta kipindi cha pili kinakaribia kuanza. Njia ya kuhakiki ni rahisi: fungua saa ya dunia kwenye simu, ongeza New York, uone iko nyuma yako kwa saa ngapi. Lakini fanya hivyo wiki ileile ya mechi. Usitumie tofauti uliyoiona Januari.

Kijana wako hesabu ameipata, kosa liko kwenye kusoma. Simu imemwandikia 22:00, au 10 pm, naye akaitamka kumi. Saa za simu zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu zinaanza alfajiri, kwa hiyo 10 pm hutolewa sita na kuwa saa nne. Atakayekuja saa kumi usiku atakuta mabingwa wameshakabidhiwa kombe.

Wateja wa Burundi hawajakosea hata kidogo. Wao, kama Rwanda, wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo mpira ukianza kwako saa nne, saa zao zinasoma tatu. Kwa eneo lako ningeandika zote mbili: "Saa 4:00 usiku Tanzania, saa 3:00 usiku Burundi." Tena angalia simu yako mwenyewe. Karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kujirudisha saa moja bila kukuuliza. Kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima uchaguzi wa kanda unaojiendesha, kisha chagua Dar es Salaam au Nairobi.

Jambo jingine ni ratiba ya kwenye kisimbuzi. Mara nyingi inaonyesha kipindi kinapoanza, pamoja na uchambuzi wa studio, na hicho hutangulia mpira. Ukiona saa iliyo kabla ya saa nne, huenda ndiyo sababu.

Kuhusu kufunga, panga hadi saa saba usiku au zaidi. Safari hii kuna burudani ya muziki wakati wa mapumziko, hivyo yanaweza kuzidi dakika 15 za kawaida, na bado kuna uwezekano wa dakika 30 za nyongeza na penalti. Halafu kuna radi. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2025, mechi ya Chelsea na Benfica kule Charlotte ilisimama karibu saa mbili ikiwa imebaki dakika chache tu kwisha. Ikitokea hivyo usiku huo, usirudishe viingilio haraka. Mechi husubiri radi ipite, kisha huendelea pale ilipoishia.