Mteja anakomaa na bei: je, naweza kumwapia kuwa mtaji haurudi?

SWALI: Asalaam alaykum shehe. Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa, Mbeya. Gunia la kilo 100 nalichukua kwa 230,000, usafiri na kupakua 10,000, na nikishapepeta inabaki kilo 96. Kilo nauza 2,800. Wateja wanakomaa hadi 2,400. Nikiona wanazidi naapa, "Wallahi nimenunua 2,600, niongezee mia mbili tu." Nikikataa kushusha wananiita bahili. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na lile la kuitwa bahili, kwani hilo ndilo linalokusukuma kwenye kiapo. Kusema "sishuki" si ubahili na si dhambi. Sahaba Jabir bin Abdillah alikuwa safarini na ngamia aliyechoka. Bwana Mtume (s.a.w.) akamwambia, niuzie kwa ukia moja, kipimo cha fedha cha zama zile. Jabir akajibu: hapana. Alimkatalia Mtume wa Mwenyezi Mungu bei, wala hakukemewa. Aliombwa tena, ndipo akauza. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Mali ni yako, na biashara haisihi ila kwa ridhaa ya wote wawili, wewe ukiwa mmojawapo.

Sasa lile neno "nimenunua". Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wamelitenga na neno "imenigharimu". Ukisema "nimenunua", inaingia bei uliyomlipa aliyekuuzia peke yake, nayo kwako ni 2,300 kwa kilo. Ukisema "imenigharimu", unaruhusiwa kuongeza gari na kuli, kwa hiyo 2,400. Jasho lako mwenyewe la kupepeta haliingii humo mpaka ulitaje. Na zile kilo 4 za chenga na pumba zitaje pia: 240,000 ukigawa kwa kilo 96 unapata 2,500 kamili. Unaona basi, ukweli wako una nguvu ya kutosha. Anayetaka kwa 2,400 anakutaka umwongezee mia kutoka mfukoni mwako, na unaweza kumwambia hivyo bila kuapa. Hata hivyo hulazimiki kumtajia mtaji. Ukiutaja tu, uwe wa kweli.

Mara nyingi mteja habishii bei, anabishia asichokiona. Mmwagie mchele kiganjani. Ahesabu chenga, anuse, aitafune punje moja asikie inavyokatika kwa ukavu. Kama ni mchele mpya mwambie ni mpya, apunguze maji, wali usije ukamgandia sufuriani. Mtume amesema wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

Punguzo lina mahali pake. Kwa faida yako ya 300, anayechukua kilo 10 ukimwachia kwa 2,700 unabaki na 200 kwa kila kilo, na umeuza mara moja. Mjane au mwenye msiba mpunguzie zaidi ukiweza, hiyo ni ihsani yako. Si lazima wateja wote walipe sawa, ila usimpandishie mgeni asiyejua bei ya soko kwa kuwa amekuamini. Na kama hutaki kugusa bei, ongeza kwenye mizani. Mtume alipopatana bei ya nguo sokoni, alimwambia mpimaji: "Pima na uzidishe."

Ninaloliogopa zaidi ni jingine. Mteja akikubana, unakubali 2,400 kwa hasira, kisha mkono unakwenda kuchota kwenye gunia la mchele wa kawaida, au kidole kinalemea sahani ya mizani. Hapo umeingia katika Sura ya 83, "Ole wao wapunjao." Ukihisi hasira hiyo, mwambie mteja kwa upole kwamba kwa bei hiyo huwezi, mwache aende. Akirudi, mfungulie kwa uso uleule.

Kwa yaliyopita: uliyemwambia "nimenunua 2,600, niongezee mia mbili", mlijenga bei juu ya mtaji wa uongo, naye ana haki kwako. Unayemfahamu mweleze ukweli, umrudishie ile ziada uliyoongeza kwenye mtaji au akusamehe. Usiyemjua mtolee sadaka kiasi hicho. Viapo vyenyewe, kwa madhehebu yetu, vina kafara pamoja na toba: kwa kila kiapo walishe masikini 10, kila mmoja kibaba kimoja cha chakula kikuu, robo tatu ya kilo inatosha. Mchele wako unafaa. Asiyekuwa na uwezo huo hufunga siku 3. Idadi ya viapo ukiwa huikumbuki, kadiria mpaka moyo uone umefika.